Shampuu kavu kwenye joto la Mtwara: kukausha mafuta ya mashina bila kujaza uji kichwani

Ilikuwa mwezi wa Machi, mvua zimeshika na jasho halikauki mwilini, wifi yangu alipoingia kibandani kwangu hapa Mtwara mjini. Mimi ni msusi, na yeye ni mwalimu wa shule ya msingi Mikindani. Akafunga pazia, akavua mtandio, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Wifi, hebu niangalie hapa mbele. Nanuka kama sufuria lililopikiwa uji jana."

Nikagawa nywele kwa kitana, nikapitisha ukucha taratibu kwenye ngozi, karibu na paji la uso. Kilichobaki chini ya ukucha kilikuwa ute wa kijivu, laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Nilipoukaribisha puani, kweli ulikuwa na harufu ya uji uliochacha. Nikamuuliza anapaka nini. Akanionyesha kopo la shampuu kavu aliloletewa na mdogo wake kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amelipulizia siku tano mfululizo, kila asubuhi, mara tu baada ya kuoga, kisha anavaa hijabu na kuwahi daladala.

Kopo halikuwa na ubaya. Alichokosea ni kuipuliza juu ya ngozi yenye unyevu na kuifunika hapohapo. Nimeshakutana na vichwa vingi vya namna hii, hasa vya wanaovaa hijabu, ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu anayeishi huku kwetu pwani ya kusini, ambako hewa yenyewe ina maji.

Kwanza elewa wanga unafanya nini

Shampuu kavu haioshi. Ndani yake kazi kubwa inafanywa na wanga, uwe wa mchele, wa mahindi au wa muhogo, na aina nyingine huongezwa silika au udongo mweupe uitwao kaolini. Chembe za wanga ni ndogo sana. Zikikutana na mafuta ya ngozi huyanywa na kuyashika, shina la nywele likaacha kung'aa na kulala. Ukichana, sehemu ya wanga inatoka pamoja na mafuta iliyoyabeba, na sehemu nyingine inabaki kichwani mpaka siku ya kuosha kwa maji.

Hapo ni wanga na mafuta. Wanga na maji ni habari nyingine, na kila aliyewahi kusonga ugali wa muhogo anaijua. Ukiloweka unapata ute, na ukiupasha moto ute ule unageuka gundi. Mama zetu walitumia gundi hiyohiyo kutia wanga kanzu kabla ya kupiga pasi, kanzu ikasimama kama ubao. Sasa fikiria mashina yaliyolowa jasho, yamemwagiwa wanga, kisha yakapitishiwa pasi ya nywele yenye moto wa nyuzi 180. Umeitia nywele yako wanga kama kanzu. Itakakamaa karibu na ngozi, na ukichana kwa nguvu itakatika.

Kwa hiyo sharti la kwanza la shampuu kavu huku kwetu ni ukavu. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yanatokana na hilo.

Pima: ni mafuta au ni jasho?

Wengi wanaoniambia "mashina yangu yana mafuta" wana jasho tu, na jasho halihitaji poda. Kipimo chake ni rahisi, na wazo lake nililipata kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Umeona jinsi mafuta yanavyoifanya karatasi ipitishe mwanga, na doa lake halikauki hata ukaiacha hapo siku nzima.

Chukua kipande cha karatasi nyeupe ya kawaida, ukubwa wa kiganja. Gawa nywele utosini, bandika karatasi kwenye ngozi, kandamiza kwa kidole gumba na uhesabu hadi kumi. Rudia kwenye paji la uso na nyuma ya sikio, kila mara kwa kipande kipya. Kisha weka vipande hivyo chini ya feni kwa robo saa. Usiviangalie kabla ya hapo, kwa sababu kikiwa kibichi maji nayo huifanya karatasi ipitishe mwanga na utadanganyika.

Baada ya robo saa inua kila kipande kuelekea dirishani. Kama doa limepotea na karatasi imebaki na mkunjo tu, lilikuwa jasho. Fungua nywele, zipigwe na upepo, pangusa ngozi kwa kitambaa kikavu cha pamba, imetosha. Kama doa limebaki na linapitisha mwanga, hayo ni mafuta.

Likibaki, jiulize pia mafuta hayo yametoka wapi. Kama juzi ulijipaka mafuta ya nazi au grisi ya nywele kwenye ngozi, basi unachokiona kwenye karatasi ni chupa yako. Poda haiwezi kuyamaliza mafuta ya kupaka, ni mengi mno kwake, utabaki na tope. Osha, kisha acha kabisa kupaka ngozi mafuta hadi uoshaji unaofuata, uone ngozi yako yenyewe inatoa kiasi gani. Nina wateja ambao tatizo lao liliishia hapo.

Mwenye nywele za kipilipili zisizonyooshwa mara nyingi haihitaji kabisa shampuu kavu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hayatelezi haraka kwenye nywele zilizojikunja. Aliyesuka rasta au mabutu naye asiiguse. Poda ikishaingia kati ya msuko huwezi kuichana itoke. Mwongozo huu ni wa wenye nywele za singa, zilizotiwa dawa au zilizonyooshwa kwa draya, ambao wanaosha mara moja kwa wiki na mashina yao yanalowa mafuta siku ya tatu au ya nne.

Kuchagua: kopo la kupuliza au poda ya kopo la kawaida

Kopo la kupuliza lina wanga, alkoholi na gesi ya kusukuma, ambayo kwa kawaida ni butani, isobutani au propani, ndugu wa gesi ya kupikia. Faida yake ni kwamba wanga unatawanyika mwembamba na sawasawa. Alkoholi inakauka haraka na kukupa ile hisia ya ubaridi, lakini ngozi kavu au yenye michubuko itawasha. Gesi inawaka moto. Usipulize jikoni, wala karibu na jiko la mkaa, kibatari au mtu anayevuta sigara, na usipulize chumba kikiwa kimefungwa. Mwenye pumu namshauri aliache kabisa.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu makopo haya. Oktoba 2022, kampuni moja kubwa iliondoa sokoni Marekani na Kanada aina kadhaa za shampuu kavu za kupuliza kwa sababu zilishukiwa kuwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na lawama iliangukia gesi ya kusukuma. Haina maana kila kopo lina benzini. Ila kwangu ni sababu ya kutosha ya kutonunua kopo kuukuu lisilo na tarehe, lililokaa juani kwenye meza ya mchuuzi hujui tangu lini.

Poda haina gesi wala alkoholi. Ni nafuu, inadumu, na unaiweka pale tu unapotaka. Ubaya wake ni weupe kwenye nywele nyeusi, na ukiishika vibaya inarundikana. Kwa Mtwara na Lindi mimi nachagua poda, tena naipaka usiku, na weupe wenyewe utaona unavyoondoka.

Ukinunua iliyotengenezwa kiwandani, soma orodha ya vilivyomo. Wanga wa mchele mara nyingi umeandikwa kwa jina la mmea, *Oryza sativa*, na wa mahindi *Zea mays*. Wa mchele ndio wenye chembe ndogo kuliko hizo nyingine, kwa hiyo hauonekani sana kwenye nywele. Ukikuta talki, ambayo kwenye lebo huandikwa *talc*, rudisha rafuni. Julai 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka talki kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu, na sioni haja ya kuipumulia wakati muhogo umejaa sokoni. Hii inahusu pia baadhi ya poda za watoto ambazo watu wengi hujipaka kichwani. Geuza kopo usome kwanza.

Ukiwa dukani unaweza pia kununua wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi. Unafanya kazi vizuri. Usiuchanganye na unga wa sembe, ambao una chembe kubwa na zinazokwaruza, wala unga wa ngano, ambao ukipata unyevu unanata kama chapati. Magadi ya kuokea usiyapake kabisa. Ngozi ya kichwa ina uchachu kidogo, magadi ni kinyume chake, na yanaiacha kavu na inayowasha.

Wanga wa muhogo wa kutengeneza nyumbani

Nusu kilo ya muhogo mtamu inakupa wanga wa kukutosha kwa miezi. Menya, osha, kwaruza kwa kikwaruzo cha karoti. Mimina lita moja ya maji safi, fikicha kwa mikono, kisha kamua kwa kitambaa chepesi cha pamba juu ya beseni. Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa yafikiche mara ya pili kwa nusu lita ya maji, ukamue tena.

Acha maji hayo meupe yatulie saa nne bila kuguswa. Wanga utazama na kuganda chini kama chokaa. Mwaga maji ya juu taratibu, tia maji mengine safi, koroga, yatulie tena, mwaga. Usiruke huku kuosha mara ya pili. Hapa ndipo harufu ya muhogo inapoondoka, pamoja na vile vitu vya muhogo visivyofaa mwilini.

Banja lile gamba jeupe, livunjevunje kwenye sinia, funika kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi, anika jua kali siku mbili. Utajua umekauka ukiubana kati ya kidole gumba na cha shahada: unalia, kama mtu anavyokanyaga mchanga mkavu wa ufukweni. Usipolia bado una maji. Saga, kisha chekecha kwa soksi nyembamba ya kike iliyo safi. Hiyo soksi ndiyo inayotenganisha poda na unga.

Kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua zetu, sishauri kutengeneza. Jua halitoshi, na wanga usiokauka unaota ukungu ndani ya kopo. Tengeneza kiangazi, uweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na ndani utie kifuko kidogo cha kitambaa chenye punje za mchele mbichi zilizo kavu. Ukiona poda imeshikana mabonge, au ina harufu ya kuchacha, itupe. Usiikaange ili uiokoe.

Kabla ya kuipaka kichwani, iwe ya dukani au ya nyumbani, paka kidogo nyuma ya sikio uache siku nzima. Ikiwasha au ngozi ikiwa nyekundu, si yako.

Wengine huchanganya kakao isiyo na sukari ili poda ifanane na nywele nyeusi. Inawezekana, kijiko kimoja cha kakao kwa vijiko vitatu vya wanga, lakini kakao yenyewe ina mafuta, na ikikutana na jasho inatia doa la kahawia kwenye hijabu nyeupe. Mvaa hijabu aipake poda nyeupe tupu. Hakuna atakayeiona, na ufuaji atauepuka.

Kupaka: usiku, baada ya isha

Wifi yangu alikuwa akipuliza asubuhi, na kwa huku kwetu huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Umetoka kuoga, mvuke umejaa, unafunika kichwa kwa vitambaa viwili, unabanwa kwenye daladala. Halafu adhuhuri unatawadha. Mkono wenye maji unapita kichwani, palepale mbele ulipopulizia. Hapo uji unapikwa.

Basi paka usiku, ukishamaliza sala ya isha, na mashina yakishakauka. Ukitoka kutawadha fungua nywele, kaa mbele ya feni nusu saa, au tumia draya kwenye upepo wa baridi. Gusa ngozi kwa mgongo wa kidole. Ukihisi ubaridi, unyevu bado upo, subiri.

Gawa nywele mafungu manne, mstari mmoja kutoka paji la uso hadi kisogoni na mwingine kutoka sikio hadi sikio. Chukua nusu kijiko cha chai cha poda, uweke kwenye kisosi. Hicho ndicho kiasi cha kichwa kizima, na kisipite kijiko kimoja hata kwa mwenye nywele nzito. Usinyunyizie moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Kopo likiinama kidogo tu, umemwaga ya wiki nzima mahali pamoja.

Chovya brashi laini ya poda ya uso, igonge mara mbili ukingoni mwa kisosi ili ziada idondoke, kisha gusagusa kwenye mstari ulioufungua, shina kwa shina. Fungua mstari mwingine, upana wa kidole gumba kutoka wa kwanza, endelea. Tilia mkazo sehemu ambazo karatasi ilikuonyesha mafuta. Kwa wengi ni mbele, utosini na nyuma ya masikio. Ncha za nywele usiziguse, hazina mafuta ya kunywewa, poda itazikausha bure. Bana pumzi unapopaka upande wa mbele.

Kisha usisugue bado. Hapa watu wengi wanaharakisha. Wanga unahitaji muda wa kuyanywa mafuta, na ukisugua mara moja unaisambaza tu. Funga kichwa kwa kitambaa cha satini au khanga laini, ulale. Kadiri poda inavyokunywa mafuta usiku kucha, weupe unapungua wenyewe.

Anayetumia kopo la kupuliza afanye vilevile, kwa tofauti hizi: tikisa vizuri, shika kopo umbali wa shibiri moja kutoka kwenye ngozi, puliza sekunde moja tu mara mbili kwa kila fungu, madirisha yakiwa wazi. Subiri dakika tatu alkoholi ipotee kabla ya kufunga kichwa. Ukilisogeza kopo karibu zaidi utaona duara jeupe lenye unyevu. Duara hilo ndilo litakalokuwa gamba.

Alfajiri: itoe

Hatua hii wengi hawaijui, na ndiyo inayozuia mrundikano kuliko nyingine yoyote. Kabla ya kutawadha kwa ajili ya alfajiri, toka barazani au simama dirishani. Inamisha kichwa, pitisha nyama za vidole, si kucha, kwenye ngozi yote kwa dakika moja ili poda iachie. Kisha chana kwa brashi kutoka shinani hadi nchani, upande hadi upande.

Tandika kitambaa cheusi begani au magotini. Gonga brashi juu yake baada ya kila mizunguko kumi. Mwanzoni utaona vumbi jeupe. Endelea mpaka kitambaa kisipokee kitu. Sasa mafuta mengi yametoka, wanga uliobaki ni kidogo, na maji ya udhu hayatakuta cha kupika.

Kanuni yangu ni kupaka mara mbili tu kati ya kuosha na kuosha, na usiku mmoja uwe katikati. Kama mara mbili hazikutoshi kwa wiki, ngozi yako inahitaji maji siyo poda zaidi, basi osha kila baada ya siku nne au tano. Wapo watakaokuambia kuwa ukichelewesha kuosha, ngozi "itazoea" na itapunguza mafuta. Tezi za mafuta zinapokea amri kutoka kwenye homoni za mwili, hazihesabu siku ulizoosha.

Wiki moja ya wifi yangu

Baada ya kumsafisha na ngozi yake kupona, tulipanga hivi, na ameendelea hivyo. Ijumaa jioni anaosha na kunyoosha kwa draya. Jumamosi hadi Jumatatu hapaki chochote; jioni akirudi kutoka shule anavua hijabu na kuachia nywele mpaka magharibi. Jumatatu usiku anapima kwa karatasi. Mara ya kwanza doa la utosini lilikauka na la mbele likabaki dogo kama punje ya harage, nikamwambia asubiri.

Jumanne usiku doa la mbele lilikuwa upana wa sarafu, na la utosini limebaki pia. Akapaka nusu kijiko cha chai, mbele na utosini tu. Jumatano alfajiri alichana, kitambaa cheusi kikapokea vumbi mara tatu, ya nne kikabaki safi. Alhamisi usiku akarudia, safari hii kidogo zaidi, robo kijiko. Ijumaa jioni akaosha. Mara mbili kwa wiki, na kichwa hakikunuka.

Wiki moja mvua ilinyesha siku mfululizo na mashina hayakukauka hata usiku. Alinipigia kuuliza afanyeje. Nikamwambia aache poda, aoshe Jumatano. Hewa ikiwa nzito kiasi hicho kuosha ni rahisi kuliko kupigana.

Ukiona imerundikana

Dalili ya kwanza ipo kwenye ukucha. Pitisha ukucha ngozini taratibu. Kikitoka ute mweupe au wa kijivu, ni wanga, jasho na mafuta vimeshikana. Nyingine ni kitana kuwa na utando kama nta kwenye meno, nywele kuwa nzito karibu na ngozi huku zikikwaruza kama zina vumbi, kuwashwa jioni, na ile harufu ya uji.

Usiikwangue kwa kucha wala kwa ncha ya kitana, utaichubua ngozi na kuwafungulia vijidudu mlango. Anza na nywele kavu, chana kutoa kinachotoka chenyewe. Kisha mimina maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili nzima, ukifikicha kwa nyama za vidole, kabla ya shampuu kugusa kichwa. Wanga mwingi unaondoka na maji haya matupu, ukiyatazama kwenye beseni yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

Shampuu usiimimine kichwani ikiwa nzito. Kijiko kimoja cha chakula kichanganye na kikombe cha maji, umimine kwenye ngozi fungu kwa fungu. Sugua dakika mbili, suuza. Povu la kwanza litakuwa hafifu, hilo ni la kawaida, mafuta yamelila. Rudia. Povu la pili likiwa jeupe na jingi, ngozi imesafika. Likiwa bado hafifu, rudia mara ya tatu. Ndoo moja ya lita 20 inatosha ukitumia kata: robo ya kulowesha, robo kwa kila suuzo mbili za mwanzo, na robo ya mwisho kuondoa povu lote. Ukirudia mara ya tatu, ongeza maji.

Anayetegemea maji ya kisima yenye chumvichumvi ataona povu halitoki vizuri hata kichwa kikiwa safi. Tafuta maji ya mvua au ya bomba angalau kwa shampuu ya kwanza. Na usioshe kwa sabuni ya kipande. Kwenye maji magumu sabuni hiyo inaacha utando wake wenyewe juu ya ule uliokuwa unauondoa. Kondishena ipake kuanzia masikioni kushuka chini, isiguse ngozi. Kausha mashina kabisa kabla ya kufunika, na kaa wiki mbili bila shampuu kavu ya aina yoyote.

Kopo la kupuliza likiisha usilitupe kwenye shimo la taka za kuchoma. Gesi huwa inabaki ndani na kopo linapasuka motoni. Lenye gesi nalo lisikae juani dirishani wala kwenye gari lililofungwa, halitakiwi kupata joto zaidi ya nyuzi 50, na gari lililofungwa likipigwa na jua la mchana huku kwetu linavuka hapo.

Mrundikano na mba vinafanana kwa macho, ila mrundikano ukioshwa vizuri unaondoka na haurudi mpaka upake tena. Mba unarudi ndani ya siku chache hata hujapaka kitu. Magamba yake yana manjano na mafuta, ngozi chini yake ina wekundu, na mara nyingi unatokea pia kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Ukiona vipele vyenye usaha, au nywele zinakatika kwa mabaka kama mapunye, hayo si ya msusi, nenda hospitali.

Kichwa cha wifi yangu kilihitaji shampuu mara tatu siku ile. Maji ya kwanza yalitoka meupe, ya tatu yalitoka safi, na harufu ikaondoka hapohapo. Lakini nyuma ya sikio la kushoto palibaki wekundu na magamba yaliyorudi Jumatatu iliyofuata, wakati hakuwa amepaka kitu. Nikamwambia, "Wifi, hapa si poda tena. Nenda wakuangalie." Akaenda, akaambiwa ni mba, akapewa shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ya kuoshea mara mbili kwa wiki, aiache kichwani dakika tano kabla ya kusuuza. Poda ile ya muhogo ilikaa kabatini mwezi mzima mpaka ngozi ilipopona.